Mlango Wazi Hautoshi: Jenereta, Makaa na Hewa Isiyoonekana Mbaraki

Stima ikipotea Mbaraki, sauti ya kwanza kusikika si ya malalamiko bali ya kamba ya jenereta ikivutwa. Moja huanza kunguruma upande wa maghala, nyingine ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi, nyingine nyuma ya duka la vipuri. Baada ya dakika 10 mtaa mzima unaimba. Mwaka wa 2023 peke yake tulikosa umeme karibu nchi nzima mwezi wa Agosti, tena Novemba, tena Disemba, na Septemba 2024 giza likarudi. Kila mara mjadala ulikuwa juu ya mitambo, nyaya na nani ajiuzulu. Jenereta za uwanja wa ndege wa Nairobi ziliposhindwa kuwaka Agosti 2023, taifa lilipiga kelele, na haki lilikuwa nayo. Jenereta ndogo za petroli zilizowaka vizuri mno, ndani ya vyumba vyenye watu, hazikuandikwa habari.

Hizo ndizo ninazotaka tuzizungumzie, pamoja na ndugu yake wa zamani, jiko la makaa. Zote mbili hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi koo wala macho. Inaua, na kabla ya kuua inampokonya mtu akili ya kujua kwamba anauawa.

Sisi wa Pwani tuna mazoea ya kuiona habari hii kuwa ya bara. Kila msimu wa baridi magazeti huandika juu ya familia ya Nyandarua, Limuru au Nairobi iliyolala na jiko chumbani na haikuamka. Tunasikitika, tunasema "maskini, baridi ile," kisha tunafungua madirisha yetu na kuendelea. Nyumbani kwetu kuna ukweli fulani katika hilo. Wazee waliojenga Mji wa Kale walijua kuweka moto mbali na watu: meko yalikaa uani au juu darini, penye upepo, na dari za vyumba zilikuwa ndefu. Mahali pa kazi ni jambo jingine. Ghala hufungwa kwa sababu ya wezi, mvua na wadudu wa nafaka. Kontena ni sanduku la chuma lililotengenezwa makusudi lisiingize maji. Ofisi yenye kiyoyozi madirisha yake huenda hayajafunguliwa tangu yafungwe. Ubaridi hatuna, lakini vyumba vilivyozibwa tunavyo tele, na hasa Mbaraki, ambako kazi nyingi hufanyika nyuma ya ukuta wa mabati.

Imani inayoua watu ni ile inayosikika ukiuliza kwa nini jenereta iko ndani. Utajibiwa: "Lakini mlango uko wazi." Hapo ndipo nitakapokaa, maana kama kuna jambo moja la kujua kuhusu hewa hii, ni kwamba mlango wazi hautoshi.

Mwaka wa 1996 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, ikishirikiana na wenzake, ilitoa onyo kuhusu injini ndogo za petroli. Ndani yake mna visa vifupi, na kimoja kingeweza kuwa cha hapa petu. Mfanyakazi wa mji alikuwa akiendesha pampu ya petroli ya nguvu za farasi 8 ndani ya jengo la kusafishia maji. Chumba kilikuwa na ukubwa wa futi za ujazo 59,000. Kwa vipimo vyetu, hicho ni kama ukumbi wenye urefu wa mita 20, upana wa mita 14 na kimo cha mita 6, yaani ghala la kawaida kabisa la Mbaraki. Milango iliyokuwa karibu na alipofanyia kazi ilikuwa wazi. Alipoona mambo si mazuri alijaribu kutoka, akazimia kabla ya kuufikia mlango. Hospitali ilithibitisha kwamba ni kaboni monoksidi.

Katika onyo hilo hilo kuna fundi bomba aliyetumia msumeno wa zege wa petroli kwenye chumba cha chini ya nyumba. Alikuwa na milango wazi, madirisha wazi na feni inayozunguka. Naye pia alidhurika. Mkulima mmoja aliyekuwa akiosha banda kwa mashine ya maji yenye injini ya petroli alizidiwa baada ya kama nusu saa, akafa. Watu hawa hawakuwa wazembe. Wawili wa kwanza walikuwa wamefungua milango kama tunavyoshauriana sote.

Kwa nini hewa iliyotoka mlangoni haikuwasaidia? Tupige hesabu kidogo, ya darasa la saba tu. Jenereta ndogo ya petroli hutoa mamia ya gramu za kaboni monoksidi kwa saa, na nyingi hupita kilo moja. Tuihurumie, tuseme yetu inatoa gramu 500. Tuiweke kwenye chumba cha nyuma cha ghala, urefu mita 6, upana mita 5, kimo mita 3. Hicho ni chumba cha mita za ujazo 90, kikubwa kuliko ofisi nyingi ninazozijua. Kikifungwa, baada ya dakika 10 tu hewa ya humo itakuwa na takriban sehemu 800 za sumu hii katika kila sehemu milioni za hewa. Katika kiwango hicho mtu mzima mwenye afya huumwa kichwa na kuhisi kizunguzungu na kichefuchefu kabla ya saa moja kwisha, na akiendelea kukaa huanguka. Baada ya dakika 15 chumba kinafika sehemu 1,200, kiwango ambacho NIOSH hukihesabu kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Jenereta haijamaliza hata robo ya tangi lake.

Sasa tufungue mlango. NIOSH hiyo hiyo inashauri mfanyakazi asivute zaidi ya sehemu 35 kwa milioni kwa wastani wa siku ya kazi. Ili chumba chetu kibaki chini ya hapo huku jenereta ikifanya kazi, hewa yake yote ingebidi itolewe nje na kuingizwa nyingine zaidi ya mara 2 kila dakika. Fikiria hilo: chumba kizima kimwagwe na kujazwa upya, mara 2, kabla mshale wa sekunde haujamaliza mzunguko. Mlango mmoja bila upepo wa kupenya upande wa pili hauwezi. Panga boi haiwezi, kwa kuwa inachofanya ni kuikoroga hewa ile ile. Na kiyoyozi cha ukutani, ambacho wengi hudhani kinasafisha, huvuta hewa ya chumbani, huipoza na kuirudisha chumbani. Injini inapata oksijeni ya kutosha kutoka mlangoni ili iendelee kunguruma, na nyinyi mnabaki na sumu.

Watu wengine hutegemea kukaa chini, wakidhani hewa mbaya hupanda kama moshi, au kuweka tundu juu ya ukuta. Kaboni monoksidi ina uzito karibu sawa na hewa tunayovuta. Huenea kotekote, juu na chini, hupita chini ya mlango na kwenye nyufa za mbao hadi chumba cha pili. Kitambaa kibichi puani hakiizuii. Barakoa ya vumbi haiizuii.

Makaa yana hila yake. Kuni zikivuta moshi, macho yanawasha na mtu anatoka mwenyewe. Makaa yaliyoshika vizuri hayana moshi, na hapo ndipo watu huyaamini. Mlinzi wa usiku huwasha seredani nje, hungoja moshi uishe, kisha huiingiza kibandani mvua ya Mei inapomshinda, akiamini kwamba ubaya umekwisha. Kwa kweli ndiyo kwanza unaanza. Hewa inapopita katikati ya makaa mekundu huungua vizuri chini, lakini ikipanda kupitia makaa ya juu yenye joto na yasiyo na oksijeni ya kutosha hugeuka kuwa kaboni monoksidi. Vile vimiali vya rangi ya samawati vinavyocheza juu ya jiko ndiyo sumu yenyewe ikiungua. Vikizimika na makaa kufunikwa na jivu, haimaanishi kwamba imekwisha. Inatoka bila kuungua.

Kilo moja ya makaa ikiungua katika jiko la kawaida inaweza kutoa takriban gramu 200 za sumu hiyo. Nusu kilo tu ndani ya kibanda cha mita 3 kwa 3 kilichofungwa inatosha kumaliza habari ya mtu usiku mmoja, na hapo hatujagusa vibanda vya walinzi vya mita moja na nusu. Wapishi wanaokaanga viazi na mahamri alfajiri ndani ya vibanda vya mabati, mafundi wanaoyeyusha risasi au kupasha vyuma kwa jiko karakanani, na wale wanaokausha rangi au gundi kwa seredani msimu wa mvua, wote wako katika hesabu hiyo.

Turudi kwa mwili. Damu hubeba oksijeni kwa kutumia kitu kiitwacho himoglobini. Kaboni monoksidi hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hivyo hata kiasi kidogo hewani hujikusanya katika damu saa baada ya saa, kama abiria wanaopanda matatu na kukataa kushuka. Mapafu yanafanya kazi, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati kitu. Mtu hahemi kwa shida kama anayezama majini, na ndiyo maana hashtuki.

Dalili za mwanzo zinaudhi kwa ukawaida wake. Kichwa kinagonga, mara nyingi mbele kwenye paji. Kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuwa mizito, kuchoka kusikoeleweka. Katika mji huu dalili hizo zina majina tayari. Mtu atasema ni malaria, au ni joto, au samaki wa jana. Mwezi wa Ramadhani atasema ni swaumu na atavumilia, kwa kuwa subira ni ibada. Kisha hufuata hatua ya pili: maneno kuchanganyika, kutoona vizuri, kifua kubana kwa mwenye moyo dhaifu, kufanya mambo ya ajabu kama kukaa chini kando ya mlango badala ya kutoka. Wengine huonekana kama waliolewa. Baada ya hapo ni kuzimia.

Yapo mambo machache yanayotenganisha sumu hii na malaria, na kila msimamizi wa ghala anapaswa kuyajua. La kwanza, hakuna homa. La pili, inawapata wengi kwa pamoja: vibarua watatu waliokuwa chumba kimoja wakiumwa kichwa saa moja, malaria haina mpango huo. La tatu, na kwangu mimi ndilo kubwa, maumivu hupungua mtu akitoka nje na kurudi akiingia. Karani anayeumwa kichwa kila siku ambayo stima imepotea, na kupona akifika kivukoni Likoni kupigwa na upepo, hana shida ya macho. Aangaliwe anakaa wapi na jenereta iko wapi. Paka wa ghala naye ni shahidi mzuri. Akilegea, usimcheke.

Kuna imani kwamba aliyepatwa na hewa hii hugeuka mwekundu. Wekundu huo huonekana zaidi kwa maiti kuliko kwa aliye hai, na kwenye ngozi nyeusi usiutegemee kabisa.

Mtego mwingine uko zahanatini. Tangu korona, kila kliniki ina kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Kifaa hicho hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi, kwa kuwa zote mbili kwake zinang'aa wekundu. Mgonjwa anaweza kuwa nusu ya njia kaburini na kifaa kikaandika 98. Muuguzi akiona 98 atampa dawa ya maumivu na kumruhusu arudi kazini, yaani kumrudisha kwenye sumu. Kipimo cha kweli ni cha damu, kwa mashine ya hospitali inayotenganisha aina za himoglobini. Pale ambapo mashine hiyo haipo, kinachookoa ni maelezo. Anayempeleka mgonjwa aseme wazi, bila kuona haya wala kumficha tajiri: "Alikuwa chumbani na jenereta ya petroli kwa saa mbili." Sentensi hiyo ina thamani kuliko kifaa cha kidole.

Na matibabu yenyewe ni oksijeni safi, nyingi, kupitia barakoa inayobana vizuri usoni, mara moja, bila kungoja majibu ya damu. Mtu akiachwa avute hewa ya kawaida, sumu iliyo katika damu huchukua takriban saa 4 hadi 5 kupungua kwa nusu. Kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Kutoka Mbaraki, Hospitali Kuu ya Pwani si mbali. Mama mjamzito apelekwe hata kama anajisikia nafuu, kwa sababu damu ya mtoto tumboni hushika sumu hii zaidi na kuiachilia polepole kuliko ya mamake.

Kabla ya hospitali lakini kuna dakika ya kwanza, na dakika hiyo ndiyo inayozaa msiba wa pili. Mtu anachungulia, anamwona mwenzake sakafuni, anaruka ndani kumwokoa. Wa tatu anamfuata. Kama mtu amelala ndani na jenereta inanguruma, pumzi chache za hewa ile zikiwa nzito vya kutosha zinamwangusha mwokozi pia. Fungueni milango yote kutoka nje. Zimeni jenereta ikiwa mnaweza kuifikia bila kuingia ndani. Pigeni 999 au 112 na mtaje kwamba ni hewa ya sumu, ili wanaokuja waje na vifaa vya kupumulia. Kama mtu yuko karibu na mlango na anaweza kufikiwa kwa mkono au kwa kamba, avutwe nje. Aliyetoka akiwa hapumui apewe pumzi na kusukumwa kifua huko huko nje, kwenye upepo. Najua ni maneno magumu kumwambia mtu asiingie kwa nduguye, lakini mwokozi akianguka, wa kwanza naye amekosa wa kumsaidia.

Sasa tuzungumze na wenye mali, maana jenereta haiingii ndani kwa miguu yake. Inaingizwa kwa sababu nne: itaibiwa, itanyeshewa, inapiga kelele, na waya haufiki. Ushauri wowote usiojibu hayo manne ni hotuba tu. Wizi unajibiwa na kizimba cha nondo na wavu nje ya ukuta, chenye mnyororo na kufuli. Mvua inajibiwa na kijipaa cha bati juu ya kizimba, pande zote zikiwa wazi. Anayeziba pande kwa mabati ili kupunguza kelele amejenga chumba kingine, na jenereta yenyewe itapata joto na kuharibika. Waya unajibiwa na waya mrefu wa kutosha na mnene wa kutosha. Waya mwembamba wa kuchajia simu ukibebeshwa mzigo wa jenereta huchemka, na hapo mtakuwa mmebadilisha sumu kwa moto. Mwiteni fundi wa umeme aliyesajiliwa aweke swichi ya kugeuzia, ili jenereta isirudishe umeme kwenye nyaya za mtaa na kumuua fundi wa Kenya Power aliye mlingotini.

Umbali unaoshauriwa na mamlaka za afya Marekani ni angalau futi 20, yaani kama mita 6, kutoka mlango, dirisha au tundu lolote la hewa, na bomba la moshi lielekezwe mbali na jengo. Kwenye ua wa Mbaraki mita 6 huenda ndizo zote ulizo nazo, na mita 6 zako zinaweza kuwa mlangoni pa jirani. Basi tumia akili ya baharia. Kusi inapovuma, angalia upepo unapita wapi kwenye ua wako, na uweke jenereta mahali ambapo moshi unachukuliwa mbali na milango. Jihadhari na upande uliokingwa na jengo. Pale upepo huzunguka kama maji nyuma ya nguzo ya daraja, na moshi uliodhani umekwenda zake hurudi na kuingia dirishani. Kaskazi ikifika, hesabu hubadilika, na hata usiku upepo wa nchi kavu unaweza kugeuza kila kitu. Shika ubani au udi unaofuka mahali bomba litakapoelekea na utazame ule moshi unaelekea wapi. Ni kipimo cha shilingi 10 na hakidanganyi sana.

Jenereta ya dizeli hutoa kaboni monoksidi kidogo kuliko ya petroli, jambo ambalo wauzaji hulitaja haraka. Kidogo si hakuna, na moshi wa dizeli una madhara mengine. Nayo ikae nje.

Kipo pia kifaa cha kugundua hewa hii, cha ukubwa wa kiganja, kinachotumia betri na kupiga king'ora. Si sawa na kile cha moshi wa moto, kwa hivyo usikubali kuuziwa kimoja kwa jina la kingine. Soma kwenye boksi kama kimeandikwa "CO" na kama kinataja kiwango cha EN 50291 au UL 2034. Vifaa hivi vimepangwa kupima kiwango pamoja na muda: kwenye sehemu 300 kwa milioni hulia ndani ya dakika chache, kwenye sehemu 50 hungoja saa moja au zaidi. Kwa hivyo ukimya wake si ruhusa ya kuingiza jenereta ndani. Tena huchakaa. Tarehe ya mwisho huandikwa nyuma, na kikipita hapo ni pambo la ukutani. Mahali pake ni pale watu wanapokaa, hasa ofisi inayopakana na ua wa jenereta na chumba anamolala mlinzi.

Kwa mlinzi mwenyewe, jibu si kumnyang'anya jiko. Anawasha makaa kwa sababu ana njaa, mbu wanamla na mvua inaingia kibandani. Mwenye kampuni akiziba paa, akampa chupa ya chai na koti la mvua, jiko litatoka lenyewe. Anayepika apikie nje chini ya kijipaa, na makaa yanayofifia yabaki huko huko nje hadi asubuhi, yasiingizwe "kwa kuwa yamebaki kidogo".

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kila mahali pa kazi pawe na hewa ya kutosha, na inataka injini iliyosimikwa mahali pa kazi moshi wake upelekwe nje na yenyewe itengwe na wanapokaa wafanyakazi. Mjanja atasema yake ina magurudumu, haijasimikwa. Simwamini kwamba angeshinda hoja hiyo mbele ya hakimu, kwa sababu sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye jengo achukue kila hatua inayowezekana kuwakinga watu na hewa yenye madhara, iwe inatoka kwenye chombo kilichosimama au kinachobingirika. Kifo kazini kinapaswa kuripotiwa kwa afisa wa usalama na afya kazini ndani ya saa 24, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inawapa wategemezi wa marehemu haki ya kulipwa.

Lakini fidia hiyo inaweza kupotelea chumba cha maiti. Kibarua aliyekutwa amekufa ghalani asubuhi, bila jeraha, anaweza kuandikwa kuwa moyo ulisimama. Jamaa wanataka kuzika mapema kama dini inavyotuelekeza, tajiri anasaidia gari na sanda, jenereta inarudishwa kimya kimya uani. Kaboni monoksidi hubaki katika damu ya maiti, na sampuli ndogo inatosha kuipima bila kuchelewesha mazishi hadi kesho yake. Familia inapaswa kuiomba, na polisi wanaofika mahali pale wanapaswa kuandika jenereta au jiko lilikuwa wapi, tangi lilikuwa na petroli kiasi gani na milango ilikuwaje. Tangi tupu na swichi iliyo kwenye "ON" ni ushahidi: maana yake iliendelea kuwaka mpaka mafuta yakaisha.

Kaunti nayo ina nafasi hapa ambayo haigharimu kitu. Maafisa wa zimamoto hupita kwenye biashara kukagua mitungi ya kuzimia moto kabla ya kutoa cheti. Waongeze swali moja kwenye fomu yao: stima ikipotea, jenereta huwekwa wapi? Kisha waende wakapatazame hapo mahali, wasiridhike na jibu la karani.

La mwisho ni la wale waliookoka. Mtu aliyezimia kwa hewa hii, akapewa oksijeni na kurudi nyumbani akicheka, hajamalizana nayo. Baadhi yao, baada ya siku kadhaa au hata wiki kadhaa za kuonekana wazima, huanza kusahau, kukasirika bila sababu, kutetemeka au kutembea kama mzee. Nyumbani watasema ni jini au ni msongo wa mawazo. Yeyote aliyepoteza fahamu arudi kwa daktari ndani ya wiki chache zinazofuata, pamoja na mtu anayeishi naye, kwa maana yeye mwenyewe huenda asijue kwamba amebadilika.